Ripoti ya chimbo la changarawe kwa ajili ya besi ya barabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Maswali haya huulizwa na wakandarasi wadogo, mafundi sanifu wanaoanza kazi, na mara nyingine viongozi wa kijiji waliokabidhiwa nakala ya ripoti bila maelezo. Majibu yanafuata chimbo moja la mfano, tuseme liko kwenye uwanda wa Wamakonde upande wa Tandahimba. Takwimu zake nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, na mipaka ni ya mkataba wa mfano. Kwenye kazi yako, mipaka inayotawala ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba wako.

Ripoti hii inajibu swali gani hasa?

Inajibu kama udongo wa chimbo fulani unaweza kutumika kwenye tabaka fulani la barabara. Haisemi udongo ni "mzuri" au "mbaya" tu. Changarawe inayokataliwa kwenye besi, yaani tabaka linalokaa moja kwa moja chini ya lami, inaweza kufaa kabisa matabaka ya chini. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho hutaja daraja: G80, G60, G45, G25 na kushuka. Namba hiyo ni CBR ya chini inayotakiwa, yaani kipimo cha uwezo wa udongo ulioshindiliwa kubeba mzigo, kwa asilimia. Besi ya changarawe ya asili kwa barabara yenye magari mengi hudai G80. Barabara ya magari machache inaweza kuruhusiwa G60.

Usianze na ukurasa wa mwisho. Anza na mchoro wa mashimo ya majaribio, ujue sampuli zilitoka wapi na kwa kina gani.

Kwa nini mashimo matano wakati udongo wote unaonekana mwekundu uleule?

Rangi inadanganya sana kwetu huku. Mchanga mwekundu wa uwandani unaweza kuwa na mfinyanzi kidogo upande mmoja wa shamba na mara mbili yake hatua mia moja mbele, na macho yasione tofauti yoyote. Chimbo letu la mfano lina eneo la mita 120 kwa 80. Udongo wa juu wenye mizizi una unene wa sentimita 40, kisha inafuata changarawe ya mita 1.5, halafu mchanga wenye mfinyanzi usiotakiwa. Plastisiti (PI), yaani kipimo cha jinsi udongo unavyofinyangika ukilowa, kwa mashimo matano ilikuwa 7, 8, 11, 12 na 15.

Wastani wake ni 10.6, na namba hiyo haimsaidii mtu yeyote. Mashimo mawili ya kaskazini yako ndani ya kikomo cha 8 na matatu ya kusini yako nje. Ripoti inayoandika wastani peke yake imeficha jambo pekee ambalo mwendesha mashine alihitaji kujua: achimbe upande gani na aache upande gani. Ukipewa ripoti ya wastani, dai matokeo ya kila shimo.

Sampuli ichukuliwe kwenye ukuta wa shimo, kutoka juu ya changarawe hadi chini yake, siyo kwenye lundo lililotupwa pembeni. Kwenye lundo mawe huviringika hadi chini na chembe laini hubaki juu, kwa hiyo koleo la kwanza tu linabadilisha matokeo.

Jedwali la machekeche linasomwaje?

Udongo hupitishwa kwenye machekeche kuanzia tundu kubwa hadi dogo, na kila mstari unaonyesha asilimia ya uzito iliyopita. Haya ni matokeo ya shimo namba 3, lile lenye PI ya 11:

| Chekeche (mm) | Kikomo (% iliyopita) | Matokeo (%) |
|---|---|---|
| 50 | 100 | 100 |
| 37.5 | 80–100 | 96 |
| 20 | 60–80 | 82 |
| 10 | 45–65 | 66 |
| 5 | 30–50 | 54 |
| 2.36 | 20–40 | 45 |
| 0.425 | 10–25 | 31 |
| 0.075 | 5–15 | 17 |

Ukisoma mstari mmoja mmoja utasema, "Hii imezidi mbili tu, ile imezidi moja, tusamehe." Lakini angalia zilikoelekea. Kuanzia milimita 20 kushuka zote zimezidi kwa juu, hakuna hata moja iliyo chini. Maana yake udongo wote umeegemea upande wa laini: mawe hayatoshi, na yaliyopo yanaelea ndani ya mchanga badala ya kugusana. Gari zito likipita, mzigo unabebwa na mchanga wenye mfinyanzi. Huo mchanga ukilowa, unalegea.

Kosa la mstari mmoja tu, kwa mfano kupungukiwa kwenye milimita 10, ni jambo dogo ukilinganisha na hili. Mimi huogopa zaidi mchirizi mzima uliohama kidogo kuliko nukta moja iliyoruka mbali.

Maabara nyingine ilipata 9 kwenye chekeche la 0.075, nyie mmepata 17. Nani anasema kweli?

Uliza kwanza kama waliosha. Mfinyanzi mwekundu hujipaka kwenye kila punje ya mchanga na kwenye kila kijiwe. Ukichekecha udongo mkavu bila kuuosha, mfinyanzi huo unapimwa kama sehemu ya mchanga, na ripoti inatoka nzuri kuliko udongo wenyewe.

Namna sahihi ni kuloweka sampuli, kuiosha juu ya chekeche la 0.075 mpaka maji yanayotoka yawe meupe, kisha kukausha kilichobaki na kukichekecha. Ukisimama karibu na sinki utaona mwenyewe: maji ya kwanza hutoka mazito kama rangi ya ukuta, na fundi mvivu huacha kuosha yakiwa bado ya waridi. Tofauti ya 9 na 17 inaweza kukaa yote hapo.

Kuna dalili hata kama hukuwepo. Ripoti ikionyesha laini kidogo sana lakini PI kubwa na CBR inayoanguka vibaya ikilowekwa, hesabu hazielewani. Mfinyanzi upo, ila haukuonekana kwenye chekeche.

Hiyo PI ni nini, na ya 11 ina ubaya gani?

Huchukuliwa sehemu iliyopita chekeche la 0.425 peke yake. Hupimwa unyevu ambao udongo unaanza kuwa kama uji mzito. Kwa kipimo cha koni, ni pale koni inapozama milimita 20. Kisha hupimwa unyevu ambao ukiuviringisha kama uzi wa milimita 3 unaanza kukatika. PI ni tofauti ya hizo mbili. Kwenye shimo namba 3 tulipata 29 na 18, kwa hiyo PI ni 11, na kikomo cha mkataba wa mfano ni 8.

PI kubwa ina maana kwamba udongo unaweza kunywa maji mengi ukiwa bado laini wa kufinyangika. Chini ya lami nyembamba, maji yakiingia kwenye ufa au pembeni mwa bega la barabara, besi ya namna hiyo hulegea. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo besi haipati nafasi ya kukauka katikati.

Kuna njia ya kuihakiki PI bila kurudia kipimo?

Ipo. Tazama kipimo cha kusinyaa. Udongo uleule hujazwa kwenye kalibu yenye urefu wa milimita 140 ukiwa umelowa, ukaushwe, kisha upimwe umefupika kiasi gani. Wetu ulifupika milimita 7, ambayo ni asilimia 5. Kikomo ni 4. Kwa kawaida kusinyaa hukaribia nusu ya PI. PI 11 na kusinyaa 5 vinaelewana. Ukiona PI 6 na kusinyaa 6, mojawapo imekosewa, na mara nyingi ni PI, kwa sababu uzi wa milimita 3 unategemea sana mkono wa anayeviringisha. Hapo dai kipimo kirudiwe na fundi mwingine.

Ripoti inasema CBR ni 72 ukurasa wa 6, na 58 ukurasa wa 8. Imekosewa?

Haijakosewa, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa saiti huanzia. CBR haina maana mpaka useme udongo ulishindiliwa kiasi gani.

Maabara hutengeneza sampuli tatu za udongo uleule kwa unyevu uleule, kila moja ikishindiliwa kwa nguvu tofauti. Zinalowekwa kwenye maji siku 4, kisha pistoni inasukumwa ndani yake. Nguvu iliyotumika huko hugawanywa kwa nguvu ya rejea: kilonyutoni 13.2 pistoni ikiwa imezama milimita 2.5, na kilonyutoni 20 ikiwa imezama milimita 5. Sampuli yetu iliyoshindiliwa zaidi ilidai kilonyutoni 9.5 kwenye milimita 2.5, sawa na asilimia 72, na kilonyutoni 14 kwenye milimita 5, sawa na 70. Inachukuliwa kubwa: 72.

Msongamano mkavu wa juu kabisa wa udongo huu ni kilo 2,080 kwa mita ya ujazo, kwa ushindiliaji mzito, ule wa nyundo ya kilo 4.5. Sampuli tatu zilitoka hivi: kilo 1,910 CBR 24, kilo 2,005 CBR 47, kilo 2,082 CBR 72.

Sasa, mkataba wa mfano unasema CBR ya besi isomwe kwenye asilimia 98 ya msongamano huo, yaani kilo 2,038. Ukichora mstari kati ya nukta ya pili na ya tatu, unasoma 58. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na 80. Ile 72 ni ya udongo ulioshindiliwa zaidi ya asilimia 100, na huwezi kuidai kwenye kila hatua ya barabara.

Basi kama ni 58, si inatosha tabaka la chini ya besi linalotaka 45?

Swali zuri, na jibu huwashangaza wengi: hapana. Kwenye mkataba wetu, tabaka la chini ya besi linashindiliwa hadi asilimia 95, kwa hiyo CBR yake inasomwa hapo pia. Asilimia 95 ni kilo 1,976. Mstari kati ya nukta ya kwanza na ya pili unatoa 40. G45 imekosekana kwa pointi 5, na shimo namba 3 limebaki G25.

Udongo unaopoteza CBR kutoka 58 hadi 40 kwa asilimia 3 tu za ushindiliaji ni udongo wenye hasira. Pasi moja pungufu ya rola, au boza likichelewa na unyevu ukapungua, utaiona kwenye barabara. Ninapoandika ripoti hupenda kuchora mstari huo badala ya kuandika namba peke yake, ili mkandarasi aone mteremko ulivyo mkali.

Tukichanganya na kokoto tutaliokoa chimbo?

Utaokoa nusu. Tuseme unaongeza mawe makubwa ya milimita 20 hadi 37.5, asilimia 25 kwa uzito, na mawe hayo yanapita asilimia 95 kwenye 37.5, asilimia 15 kwenye 20, 3 kwenye 10, 2 kwenye 5, na 1 kwenye machekeche yaliyobaki. Hesabu ni hii kwa kila chekeche:

```
mchanganyiko = 0.75 × changarawe + 0.25 × kokoto
20 mm:    0.75 × 82 + 0.25 × 15 = 65
5 mm:     0.75 × 54 + 0.25 × 2  = 41
0.425 mm: 0.75 × 31 + 0.25 × 1  = 23.5
0.075 mm: 0.75 × 17 + 0.25 × 1  = 13
```

Machekeche yote yanaingia ndani ya mipaka. CBR itapanda pia, ingawa kwa kiasi gani lazima ipimwe upya, hairuhusiwi kuikisia. Lakini PI itabaki 11. Kokoto hizo karibu hazina chembe zinazopita 0.425, kwa hiyo fundi akichekecha mchanganyiko na kupima PI, anapima mfinyanzi uleule wa mwanzo. Umepunguza wingi wake; tabia yake iko palepale. Wapo wanaolipia mawe kisha wanashangaa kuona mstari wa PI bado una alama nyekundu.

Ili PI ishuke unahitaji kuingiza laini isiyo na mfinyanzi, mfano vumbi la jiwe lililosagwa, au kubadilisha mfinyanzi wenyewe kwa saruji au chokaa.

Fikiria na gharama. Barabara yenye besi ya upana wa mita 6.5 na unene wa milimita 150 inahitaji mita za ujazo 975 zilizoshindiliwa kwa kila kilomita. Robo yake kwa uzito ni takribani tani 500 za kokoto. Milima ya mawe magumu iko ndani, kuelekea Masasi na Nachingwea. Ukanda wa pwani na uwanda hauna mawe hayo. Mara nyingi safari ya lori ndiyo inayoamua, kuliko bei ya jiwe lenyewe.

Saruji je? Si tuna kiwanda hapahapa Mtwara?

Ndiyo, na kwa sababu hiyo saruji mara nyingi inashinda kokoto za kuletwa. Hata hivyo ukitia saruji umebadilisha kipimo. Hupimi tena CBR ya 80. Unapima nguvu ya kubanwa kwa tofali la udongo baada ya kutunzwa siku 7. Daraja la C1 hudai megapaskali 1, C2 hudai 2.

Tuseme majaribio yanaonyesha asilimia 4 inatosha kwa C1. Kwa kilo 2,038 kwa mita ya ujazo, ni kilo 81.5 za saruji, yaani mfuko mmoja na nusu na ziada kidogo. Kwa kilomita moja inafika mifuko 1,590 ya kilo 50. Usichukue hiyo asilimia 4 na kuipeleka kwenye chimbo lingine. Kila chimbo hupimwa kwa viwango vya saruji angalau vitatu tofauti, kisha ndipo kiasi cha kutumia huchaguliwa.

Tatizo la saiti ni muda. Saruji ikishakutana na unyevu, saa zinahesabika. Greda likichelewa na rola likashindilia udongo ulioanza kushika, vifungo vinavunjwa na ile megapaskali 1 ya maabara haionekani kamwe barabarani. Na usiimwagie saruji sana ili "kuwa na uhakika": besi ngumu kupita kiasi hupasuka, na nyufa hupanda hadi kwenye lami.

Matumbawe ya pwani yanafaa?

Yanaweza kufaa sana, hasa kwa sababu chembe zake laini huwa na plastisiti ndogo na mengine hugandamana yenyewe kadiri muda unavyopita. Ila yana mambo mawili.

La kwanza, huvunjika yanapopigwa. Machekeche ya kabla ya kushindilia hayatoshi; chekecha tena baada ya kushindilia uone laini imeongezeka kiasi gani. Na kila nukta ya ushindiliaji itumie udongo mpya. Ukirudia kupiga sampuli ileile mara tano, nukta ya mwisho inapima udongo mwingine kabisa.

La pili ni chumvi. Matumbawe yaliyo karibu na bahari hubeba chumvi, nayo hupanda juu na maji yanapokauka na kuinua lami nyepesi iliyopakwa juu ya besi, ikitoka malengelenge. Ripoti ya chimbo la pwani isiyo na kipimo cha chumvi haijakamilika, hata kama CBR ni 120.

Kwa hiyo uamuzi kuhusu chimbo la mfano ni upi?

Eneo la mashimo mawili ya kaskazini, yenye PI 7 na 8, litengwe kwa vigingi na lipimwe kwa mashimo mengine ya karibukaribu kabla ya kulikubali kwa besi. PI kuwa ndani ya kikomo haitoshi. Machekeche na CBR yake navyo lazima visimame. Eneo la mashimo ya PI 11 na 12 lipelekwe kwenye majaribio ya saruji. Shimo la PI 15 litumike kwenye tuta, siyo kwenye besi wala tabaka linaloifuata.

Usichimbe hadi kwenye sakafu ya mchanga wa mfinyanzi. Acha sentimita 20 za changarawe chini, maana koleo la mashine halijui mpaka ulipo. Na udongo wa juu uwekwe pembeni. Utarudishwa chimbo likifungwa. Kama kuna mikorosho, ripoti ya maabara haiwi kibali: fidia na ruhusa ya mwenye shamba ni karatasi nyingine, na bora zitangulie.

Ripoti ikishakubaliwa, tunapima tena?

Ndiyo. Changarawe inayotoka kwenye mashine mwezi wa pili wa kazi si ile iliyokuwa kwenye shimo la majaribio. Chukua sampuli kwenye lundo baada ya kuchanganywa na greda, na nyingine barabarani baada ya kusambazwa, kwa kila kiasi cha mita za ujazo kilichoandikwa kwenye mkataba. Dalili ya haraka ya kwamba mashine imeingia kwenye udongo mwingine ni magurudumu ya lori kutoka chimboni yakiwa yamejaa matope mekundu yanayong'ang'ania hata siku ambayo mvua haikunyesha. Hapo simamisha upakiaji, peleka sampuli ikapimwe PI, na subiri jibu kabla lori linalofuata halijamwaga.